Jibu la (a) Likikosewa, Maksi za (b) na (c) Ziko Wapi?

Ukurasa wa mbele wa karatasi ya Hisabati ya KCSE nchini Kenya una maagizo mawili ambayo watahiniwa wengi huyapita haraka wakikimbilia swali la kwanza. La kwanza linawataka waonyeshe hatua zote za kukokotoa na waandike jibu la kila hatua katika nafasi iliyo chini ya swali. La pili linawaarifu kwamba maksi zinaweza kutolewa kwa kazi sahihi hata kama jibu lenyewe si sahihi. Tanzania nako, mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Nne humtaka mtahiniwa aonyeshe wazi kazi yote iliyomfikisha kwenye jibu.

Maagizo hayo yana uzito mkubwa zaidi katika maswali marefu. Kila karatasi ya Hisabati ya KCSE ina maksi 100 na hufanywa kwa saa mbili na nusu. Sehemu ya Kwanza ina maswali mafupi 16 yenye jumla ya maksi 50. Sehemu ya Pili ina maswali manane, nambari 17 hadi 24. Mtahiniwa huchagua matano, na kila moja lina maksi 10. Maswali haya manane ndiyo yanayogawanywa kuwa (a), (b) na (c), na mara nyingi jibu la (a) ndilo linaloingizwa katika (b), kisha likaendelea hadi (c). Kwa kuwa karatasi ni kijitabu chenye nafasi za kuandikia, namba iliyopatikana chini ya ukurasa mmoja hutumika juu ya ukurasa unaofuata, baada ya mtahiniwa kufungua.

Hapo ndipo swali la makala haya linapozuka. Ikiwa (a) imekosewa, je, (b) na (c) zimekufa nazo? Wanafunzi wengi huamini kwamba ndiyo, na wakigundua kosa dakika za mwisho huacha swali zima. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maksi hizo inaweza kuokolewa, lakini kwa sharti moja: msahihishaji lazima aweze kuona ni namba gani iliyotoka (a), na umeifanyia nini ulipofika (b).

Maksi hugawanywaje

Msahihishaji hafanyi kazi kwa kukisia. Mbele yake ana mwongozo wa kusahihishia unaoonyesha kila maksi imewekwa mahali gani. Katika miongozo ya Hisabati utakuta herufi tatu. M ni maksi ya mbinu: umechagua njia inayofaa na umeingiza namba mahali pake. A ni maksi ya usahihi: jibu lililotokana na mbinu hiyo ni sawa. B ni maksi inayosimama peke yake, inayotolewa kwa jambo sahihi lisilotegemea maksi nyingine. Maksi ya A huifuata ile ya M. Mbinu isipoonekana, au ikiwa ni potovu, maksi ya usahihi haina cha kuegemea.

Miongozo ya mitihani ya Cambridge na ya Baccalaureate ya Kimataifa, yaani IB, huongeza alama ya nne, FT. Hii ni maksi ya kufuatilia. Maana yake ni kwamba mtahiniwa aliyekosea mapema, kisha akaitumia namba yake isiyo sahihi kwa njia sahihi katika sehemu inayofuata, anaweza kupewa maksi za sehemu hiyo. Adhabu ya kosa hutolewa mara moja, pale kosa lilipotokea. Pale ambapo mwongozo hauruhusu maksi ya usahihi ifuatilie, zile za mbinu bado zinaweza kupatikana, kwa sababu mbinu ni ileile iwe namba ni 18 au 73.

Ili kutoa maksi hizo, msahihishaji huchukua namba ya mtahiniwa, ingawa anajua si sahihi, na kukokotoa upya kwa namba hiyo. Akifika mahali alipofika mtahiniwa, anaweka alama ya vyema. Kwa hiyo, kuonyesha hatua ni kumpa msomaji mgeni, mwenye rundo la karatasi mezani, kila kitu anachohitaji ili arudie hesabu yako bila kukuuliza chochote.

Swali la tangi

Tuchukue swali la aina inayotolewa katika Sehemu ya Pili, nililolitunga kwa ajili ya makala haya. Tangi la maji lenye umbo la silinda lina kipenyo cha mita 2.8 na kimo cha mita 3. Tumia pai kuwa 22/7. Katika (a), tafuta ujazo wa tangi kwa mita za ujazo, maksi 3. Katika (b), bomba linaingiza lita 55 kila dakika, tafuta muda wa kulijaza tangi likiwa tupu, maksi 3. Katika (c), maji yote ya tangi yanamiminwa katika bwawa tupu lenye kitako cha mstatili cha mita 5.6 kwa mita 4.4 na kina cha mita 1.2; tafuta kimo cha maji ndani ya bwawa; maksi 4.

Njia sahihi ni fupi. Nusu ya kipenyo ni mita 1.4, kwa hiyo:

V = 22/7 × 1.4 × 1.4 × 3 = 18.48 m³

Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo tangi linabeba lita 18,480. Ukigawanya kwa 55 unapata dakika 336, yaani saa 5 na dakika 36. Eneo la kitako cha bwawa ni 5.6 × 4.4 = 24.64 m², na kimo cha maji ni 18.48 ÷ 24.64 = 0.75 m.

Tuseme maksi zimepangwa hivi. Katika (a) kuna M moja kwa eneo la duara lililotumia nusu kipenyo, M moja kwa kuzidisha kwa kimo, na A moja kwa 18.48. Katika (b) kuna M ya kugeuza kuwa lita, M ya kugawanya kwa 55, na A ya muda. Katika (c) kuna B ya 24.64, M ya kulinganisha ujazo wa tangi na ujazo wa maji bwawani, M ya kugawanya, na A ya 0.75.

Sasa aje mtahiniwa aliyesahau kugawa kipenyo kwa mbili. Hili ni kosa la kawaida mno, kwa sababu swali limetaja kipenyo na kanuni inataka nusu yake. Ameandika:

V = 22/7 × 2.8 × 2.8 × 3 = 73.92 m³

Anakosa M ya kwanza na A. Anapata M ya kuzidisha kwa kimo, kwa hiyo ametoka (a) na maksi 1 kati ya 3. Kisha anafungua ukurasa na kuandika:

Kutoka (a), V = 73.92 m³ = 73.92 × 1000 = 73,920 lita
Muda = 73,920 ÷ 55 = dakika 1,344 = saa 22 dakika 24

Msahihishaji anachukua 73.92, anazidisha kwa 1,000, anagawanya kwa 55, na anafika kwenye 1,344. Mbinu zote mbili ziko sawa. Mwongozo ukiruhusu usahihi ufuatilie, mtahiniwa huyu anapata maksi 3 za (b). Usiporuhusu, anapata 2. Anaendelea:

Eneo la kitako cha bwawa = 5.6 × 4.4 = 24.64 m²
24.64 × h = 73.92
h = 73.92 ÷ 24.64 = 3 m

B ni yake, kwa sababu eneo la kitako cha bwawa halikutegemea (a) hata kidogo. M mbili ni zake pia. A haipati, na sababu yake tutaiona. Jumla ni maksi 6 au 7 kati ya 10, kwa swali ambalo majibu yake yote matatu si sahihi.

Mtahiniwa wa pili alifanya kosa hilohilo, lakini alikokotoa kando kwa kikokotoo na kuandika majibu matupu: (a) 73.92, (b) saa 22 dakika 24, (c) mita 3. Namba zake ni zilezile kabisa. Anapata sifuri. Msahihishaji mwerevu anaweza kushuku kwamba kijana huyu alitumia kipenyo mahali pa nusu kipenyo, lakini shuku haina mahali katika mwongozo. Hakuna mbinu iliyoandikwa, kwa hiyo hakuna M. Na A haisimami bila M. Hata ile B ya 24.64, ambayo bila shaka aliikokotoa, haionekani popote. IB imeliweka jambo hili wazi katika maelekezo yake kwa wasahihishaji: maksi za kufuatilia zinahitaji kazi iliyoandikwa, na jibu la mwisho peke yake lililotokana na jibu potovu halitoshi.

Mstari wa kuvukia

Kati ya mistari yote aliyoandika mtahiniwa wa kwanza, wenye faida kubwa zaidi kwa wino uliotumika ni ule wa "Kutoka (a), V = 73.92 m³". Katika mstari huo mna mambo manne: namba imetoka wapi, inawakilisha nini, thamani yake ni ipi, na kipimo chake ni kipi. Msahihishaji akiufikia hahitaji kurudi ukurasa wa nyuma na kutafuta.

Mstari huo pia humlinda mtahiniwa dhidi ya kosa linalotokea ukurasa unapofunguliwa, yaani kunakili vibaya. Tuseme (a) ilikuwa sahihi, 18.48, lakini baada ya kufungua akaandika 18.84. Sasa 18,840 ÷ 55 inatoa dakika 342.5 na sehemu zaidi. Ikiwa ameandika hatua, msahihishaji anaona mara moja kwamba tarakimu mbili zimebadilishana mahali, anatoa maksi za mbinu, na mtahiniwa anapoteza ile ya usahihi tu. Ikiwa ameandika 342.5 peke yake, hakuna anayeweza kujua ilikotoka. Na kuna dalili ambayo mtahiniwa mwenyewe angeweza kuiona. Maswali ya aina hii mara nyingi hupangwa ili namba zigawanyike vizuri, na 18.48 inatoa dakika 336 kamili. Mgawanyo unaoacha mkia mrefu wa desimali haumaanishi lazima umekosea, lakini ni sababu tosha ya kurudi ukurasa wa nyuma na kulinganisha namba mbili.

Hatari nyingine ni kukadiria kabla ya wakati. Mtahiniwa aliyepata 18.48 akaona ni nadhifu zaidi kuandika 18, kisha akaibeba 18 hiyo kwenda (b), atapata dakika 327 badala ya 336. Tofauti ya dakika tisa imetokana na kukata sehemu ndogo tu ya mita ya ujazo, kwa sababu sehemu hiyo imezidishwa mara elfu. Kosa la namna hii msahihishaji halichukulii kwa upole uleule, kwa kuwa jibu sahihi lilikuwapo na limeharibiwa njiani. Kanuni ni kubeba namba kamili, au angalau tarakimu nne zenye maana, kutoka sehemu moja hadi nyingine, na kukadiria katika jibu la mwisho pekee. Swali likitaka jibu la (a) likadiriwe, andika zote mbili: ile kamili ya kubebwa na ile iliyokadiriwa ya kujibu.

Mahali ufuatiliaji unapokoma

Maksi za kufuatilia zina mipaka, na anayeijua mipaka hiyo hutumia muda wake vizuri zaidi.

Mpaka wa kwanza ni kosa jipya. Mtahiniwa aliyeingia (b) na 73.92, kisha akageuza mita za ujazo kuwa lita kwa kuzidisha kwa 100, hafuatilii tena kosa la zamani. Ameongeza la pili, na maksi ya kugeuza kuwa lita inapotea kwa sababu hiyo. Kufuatilia kunasamehe namba iliyoingia. Hakusamehi kilichofanyiwa namba hiyo.

Mpaka wa pili ni jibu lisilowezekana. Bwawa la swali letu lina kina cha mita 1.2. Mtahiniwa wa kwanza amepata maji yenye kimo cha mita 3 ndani yake, maji ambayo yangekuwa yamefurika zamani. Maelekezo ya IB yanasema kwamba kosa la mwanzo likizaa thamani isiyofaa, kama uwezekano unaozidi 1, au idadi yenye desimali pale panapotakiwa namba kamili, maksi ya jibu la mwisho haitolewi hata kama hatua zimefuata vizuri. Ndiyo maana A ya (c) imepotea. Lakini mita 3 hiyo ina kazi nyingine. Mwandishi wa swali ametaja kina cha bwawa, na kipimo hicho hakikuingia katika ukokotoaji wowote. Namba iliyotolewa na haikutumika inafaa kutumiwa kukagua. Mtahiniwa anayesimama hapa na kujiuliza maji yamezidije ukuta anajua kwamba kuna kosa nyuma, na kwamba jibu lake ni kubwa mno. Akijaribu kugawanya kwa 4, anapata 0.75, inayoingia vizuri bwawani. Na ile 4 ina maana: kipenyo ni mara mbili ya nusu kipenyo, na mbili ikizidishwa kwa yenyewe ni nne. Namba hiyo inaelekeza moja kwa moja kwenye kosa.

Mpaka wa tatu ni kosa linalorahisisha kazi. Mtahiniwa akikosea (a) kwa namna inayofanya hesabu ngumu ya (b) igeuke kuwa nyepesi, kwa mfano mlinganyo wa kipeo cha pili ukawa mlinganyo sahili wa mstari mmoja, hatapewa maksi zote za ugumu ambao hakukabiliana nao. Msahihishaji hutoa zile za hatua zilizofanyika kweli.

Ukikwama, na ukigundua kosa umechelewa

Kuna maswali ambayo (a) husema "onyesha kwamba ujazo ni mita za ujazo 18.48". Hapa mtunzi amempa kila mtu namba ya kuvukia. Aliyeshindwa kuithibitisha, au aliyepata namba nyingine, aingie (b) na 18.48 iliyochapishwa. Kubeba namba yako potovu wakati iliyo sahihi imechapishwa mbele yako ni kujinyima, maana unaweza kukosa (a) yote na bado ukapata (b) na (c) kamili.

Pale ambapo namba haikutolewa na (a) imekushinda kabisa, usiache nafasi tupu. Iite V na uandike muda kuwa 1000V ÷ 55, na kimo kuwa V ÷ 24.64. Huna jibu, lakini mbinu ya kila sehemu inasomeka, na ile B ya eneo la kitako cha bwawa haihitaji V hata kidogo.

Kuandika kwa herufi kwanza humsaidia pia anayegundua kosa zikiwa zimebaki dakika tano. Ikiwa (b) yake inaanza na "Muda = 1000V ÷ 55", anabadilisha thamani ya V chini yake na kukokotoa mstari mmoja. Ikiwa ameandika namba tupu kuanzia juu hadi chini, lazima afute kila kitu. Na hapa kuna mtego unaowaumiza watahiniwa wenye bidii: kurekebisha (a) na kusahau (b). Akifuta 73.92 na kuandika 18.48, lakini dakika 1,344 zikabaki katika ukurasa wa pili, (b) haitokani tena na kitu chochote kilicho kwenye karatasi. Kabla ya marekebisho ilikuwa ufuatiliaji halali. Baada yake ni namba isiyo na asili. Ukibadilisha namba ya mwanzo, fuata mahali pote ilipobebwa, na mistari ya "kutoka (a)" ndiyo itakayokuonyesha ni wapi. Kazi ya zamani ikatwe kwa mstari mmoja safi, na mpya iandikwe kando yake, ili isiwepo mistari miwili inayodai kuwa jibu.

Kufanya mazoezi ya ufuatiliaji

Walimu wengi husahihisha mazoezi ya darasani kwa kutazama majibu, kwa sababu madaftari ni mengi na muda ni mchache. Mwanafunzi huzoea kwamba jibu ndilo linalohesabika, na tabia hiyo anaingia nayo katika chumba cha mtihani. Zoezi moja linaweza kuibadilisha. Mwalimu atoe swali la sehemu tatu, kisha aandike ubaoni jibu potovu la (a), tuseme 73.92, na aliambie darasa lote liendelee na namba hiyo hadi mwisho. Wanafunzi wabadilishane madaftari na wasahihishane kwa M, A na B. Kila mmoja atakuta kwamba anaweza kutoa maksi pale tu anapoweza kurudia hesabu ya mwenzake, na atalazimika kumnyima maksi rafiki ambaye pengine alijua kila kitu lakini hakuandika.

Nyumbani, mzazi asiyekumbuka hisabati anaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa kuuliza swali moja kwa kila namba iliyo juu ya sehemu (b): hii imetoka wapi? Kama mwanafunzi anaelekeza kidole kwenye mstari ulioandikwa, karatasi iko salama. Kama anaanza kueleza kwa mdomo, basi maelezo hayo ndiyo yaliyopaswa kuwa kwenye karatasi, kwa sababu siku ya kusahihishwa hatakuwapo kuyatoa.